Kuandika upya tangazo la kifurushi ili mnunuzi aione nafuu yake kwa hesabu

Kila Januari, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapojiandaa kuripoti katika shule za bweni, maduka mengi ya Tanzania hutoa matangazo yanayofanana mno: godoro, tranka, shuka, ndoo na madaftari vimefungwa pamoja, na juu yake imeandikwa bei moja yenye neno "tu" mwishoni. Mzazi anayelisoma tangazo hilo ana fomu ya kujiunga mkononi, yenye orodha ya vitu ambavyo shule inavidai, na swali lake ni moja: nikivinunua vitu hivi kimoja kimoja, nitalipa zaidi kwa kiasi gani? Tangazo lisilojibu swali hilo humwachia mzazi kazi ya kupiga hesabu mwenyewe, kazi ambayo wengi hawaifanyi. Badala yake huenda duka la pili kuulizia bei.

Mwongozo huu unachukua tangazo moja la namna hiyo na kuliandika upya hatua kwa hatua. Bei zilizotumika ni za mfano, kwa hiyo anayeufuata aweke bei za dukani kwake. Kinachopaswa kufuatwa ni njia ya kuzipata na kuzipanga. Tangazo la mwanzo lilisomeka hivi:

> OFA! OFA! OFA! Kifurushi kamili cha mwanafunzi wa bweni, kila kitu kimo! Thamani ya Sh 290,000, sasa Sh 198,000 tu. Okoa hadi Sh 92,000! Usafiri bure, mfuko bure. Wahi kabla hakijaisha.

Kwa haraka tangazo linaonekana kuwa limeshaonyesha nafuu, kwani limetaja namba tatu. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya namba hizo, isipokuwa bei ya kifurushi yenyewe, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki. Hajui "kila kitu" ni vitu vingapi, hajui godoro lina unene gani, na hajui Sh 290,000 ni thamani iliyopimwa na nani. Neno "hadi" nalo linamwambia mtu makini kwamba Sh 92,000 huenda si zake. Kwa uzoefu wangu, neno hilo linapowekwa kwenye kifurushi chenye vitu visivyobadilika na bei moja, huwa ni dalili kwamba aliyeandika hakupiga hesabu, kwa sababu kifurushi cha aina hiyo kina nafuu moja tu.

Hatua ya kwanza: kutafuta bei halisi ya kila kitu

Kazi ya kuandika upya haianzi na maneno. Inaanza na orodha ya vitu vyote vilivyomo, idadi ya kila kimoja, na bei ambayo mteja angelipa dukani hapo hapo leo kama angekinunua peke yake. Hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa sababu neno "bei" katika biashara zetu lina maana zaidi ya moja.

Ugumu wa kwanza ni bei ya kupatana. Katika maduka ambako mteja huanza kwa kuuliza "bei ya mwisho ngapi?", tranka linaweza kutajwa kwa Sh 55,000 na kuuzwa kwa Sh 45,000. Ukiandika Sh 55,000 kwenye hesabu ya kimoja kimoja, umemlinganisha mteja wako na mtu ambaye hayupo, yaani mtu anayelipa bei ya kwanza bila kuomba apunguziwe. Bei inayofaa ni ile ambayo wateja wengi wamelipa kweli. Njia rahisi ya kuipata ni kuchukua risiti au daftari la mauzo la wiki mbili zilizopita, kutazama tranka lile lile limeuzwa kwa bei gani, na kuchukua bei inayojirudia zaidi. Kama duka halina kumbukumbu ya namna hiyo, muulize anayekaa kaunta, wala si mwenye duka, kwa kuwa mwenye duka huikumbuka bei anayoitamani.

Ugumu wa pili ni bei ya dazeni. Kifurushi chetu kina kaunta buku kumi na mbili za kwaya tatu. Moja inauzwa Sh 4,500, na kumi na mbili kwa bei hiyo ni Sh 54,000. Lakini duka hilo hilo linauza dazeni nzima kwa Sh 48,000, na mzazi anayehitaji kumi na mbili hawezi kuzinunua moja moja wakati dazeni ipo mbele yake. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni Sh 48,000. Kanuni yake ni hii: bei ya kimoja kimoja ni bei ya chini kabisa ambayo mteja yule yule, akitaka idadi ile ile, angeipata dukani kwako bila kuchukua kifurushi. Vivyo hivyo, kama blanketi tayari limepunguzwa kutoka Sh 22,000 hadi Sh 18,000 kwa kila mtu anayeingia dukani, basi bei yake ni Sh 18,000. Punguzo hilo si la kifurushi.

Ugumu wa tatu ni kulinganisha vitu visivyolingana. Godoro la sponji la futi mbili na nusu kwa sita huuzwa kwa unene tofauti, na inchi mbili za ziada zinaibadilisha bei sana. Lililomo kwenye kifurushi ni la inchi nne, ambalo peke yake ni Sh 62,000, wakati la inchi sita ni Sh 78,000. Mtu akiandika "godoro" tu kwenye karatasi yake ya hesabu, ni rahisi kwa bei ya la inchi sita kuingia bila yeye kukusudia. Kwa hiyo andika kila kitu kwa kipimo chake tangu kwenye karatasi ya hesabu: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, shuka jozi mbili za kitanda cha futi mbili na nusu, chandarua cha kitanda kimoja.

Mwisho, kitu ambacho duka halikiuzi peke yake hakina bei ya kimoja kimoja. Mfuko wa kubebea uliomo kwenye kifurushi haupo rafuni. Hutolewa kwa anayenunua kifurushi tu. Unaweza kutajwa kama nyongeza, lakini kwenye jumla unaandikwa sifuri.

Hatua ya pili: kujumlisha na kuifungua ile Sh 290,000

Baada ya kusahihisha bei, orodha ya kifurushi chetu ni hii: godoro Sh 62,000, kaunta buku dazeni moja Sh 48,000, tranka la bati Sh 45,000, shuka jozi mbili Sh 24,000, blanketi Sh 18,000, chandarua Sh 12,000, ndoo Sh 7,000, vyombo vya kulia, yaani sahani, kikombe na kijiko, Sh 5,000, kufuli Sh 4,000 na kandambili Sh 3,000. Jumla ni Sh 228,000. Kifurushi kinauzwa Sh 198,000. Nafuu ya kweli ni Sh 30,000.

Zile Sh 62,000 za ziada zilizokuwa zimeifikisha thamani kwenye Sh 290,000 zilitoka wapi? Nimezifuata moja moja, na hapo ndipo mtu anapojifunza namna jumla inavyovimba bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua kudanganya. Kaunta buku zilihesabiwa moja moja badala ya kwa dazeni, ikawa Sh 6,000. Mfuko wa bure ulipewa thamani ya Sh 10,000. Tranka liliwekewa bei ya duka jingine la mtaa wa pili, Sh 60,000, ikawa nyongeza ya Sh 15,000. Usafiri wa bure ndani ya mji ulithaminiwa Sh 15,000. Na godoro lilibeba bei ya la inchi sita, ikawa Sh 16,000. Ukijumlisha unapata Sh 62,000 kamili.

Usafiri unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu unaleta ubishi. Mwenye duka atasema, na kwa haki, kwamba mteja anayeletewa mzigo nyumbani ameokoa nauli. Hilo ni kweli kwa mteja anayeishi mbali, lakini anayekuja na bodaboda yake au anayetuma mzigo kwa basi kwenda mkoani haokoi kitu. Kiasi kinachotegemea mahali mteja alipo hakiwezi kuingizwa kwenye namba moja inayotangazwa kwa watu wote. Kinaandikwa peke yake, kwa maneno yake: "Tunakuletea ndani ya mji bila malipo." Kikitajwa hivyo hakipotezi nguvu, na huiacha namba ya nafuu ikiwa safi.

Kwa anayetumia jedwali la kompyuta, kama Excel au Google Sheets, weka jina la kitu kwenye safu ya A, idadi kwenye B na bei ya kimoja kwenye C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 11. Kwa kaunta buku andika idadi 1 na bei ya dazeni. Kisha weka bei ya kifurushi kwenye C13, na fomula hizi kwenye C12, C14 na C15:

```
C12: =SUMPRODUCT(B2:B11,C2:C11)
C14: =C12-C13
C15: =C14/C12
```

C12 ni jumla ya kimoja kimoja, C14 ni nafuu kwa shilingi, na C15 ni nafuu kwa asilimia ukiipa seli hiyo muundo wa asilimia (%), na hapa ni kama asilimia 13. Angalia kwamba kigawanyo ni C12. Watu wengi hugawanya kwa bei ya kifurushi, C13, na kupata asilimia 15. Kosa hilo ni dogo machoni, lakini mteja anayejua hesabu hulibaini, na akilibaini huacha kuamini namba nyingine zote. Asilimia ni sehemu ya kile ambacho mteja angelipa kama kifurushi kisingekuwepo. Binafsi huwa naiacha asilimia nje ya tangazo la bidhaa za aina hii. Mzazi anahesabu kwa shilingi, na Sh 30,000 ni nauli au ni pesa ya matumizi ya mtoto, wakati asilimia 13 ni lazima kwanza igeuzwe ndipo iwe na maana.

Hatua ya tatu: kujua nafuu ni ya nani

Hapa ndipo tangazo zuri linapoachana na tangazo sahihi tu. Sh 30,000 inaokolewa na mzazi ambaye angenunua vitu vyote kumi. Nyumba nyingi hazina mahitaji hayo. Kaka alimaliza kidato cha nne mwaka jana na blanketi lake lipo. Mzazi huyo anasoma "unaokoa Sh 30,000" na kujiuliza moyoni kama ni kweli kwake, na tangazo likinyamaza, anajibu mwenyewe kwa kukisia.

Hesabu yake ni nyepesi. Ondoa kwenye Sh 228,000 bei ya vitu ambavyo mteja anavyo tayari, kisha ulinganishe kinachobaki na Sh 198,000. Mwenye blanketi angelipa Sh 210,000 kwa vitu tisa vilivyobaki, kwa hiyo kifurushi bado kinampa nafuu ya Sh 12,000, na blanketi la pili juu yake. Mwenye blanketi pamoja na shuka angelipa Sh 186,000 kwa vitu vinane; kwake kifurushi ni ghali kwa Sh 12,000. Mpaka uko pale pale kwenye nafuu yenyewe: vitu alivyo navyo nyumbani vikizidi Sh 30,000 kwa bei za orodha, kifurushi hakimfai.

Jambo hili liandikwe ndani ya tangazo. Najua wenye maduka hulipinga kwa sababu linaonekana kama kumfukuza mteja. Mteja mwenye blanketi na shuka, hata hivyo, atagundua hivyo kaunta akiwa na orodha mkononi, na hapo ataanza kuomba kifurushi kipunguzwe bei kwa kuondoa vitu, ombi ambalo muuzaji hana jibu lililoandaliwa. Tangazo likiwa limesema mapema kwamba anayehitaji vitu vichache atauziwa kimoja kimoja kwa bei zile zile zilizoorodheshwa, mazungumzo hayo yanakwisha kabla ya kuanza.

Kama hesabu inaonyesha kwamba wateja wengi wana kitu kimoja kikubwa tayari, kwa mfano godoro, tatizo halipo kwenye maandishi bali kwenye kifurushi. Tengeneza cha pili kisicho na godoro. Vitu tisa hivyo kimoja kimoja ni Sh 166,000. Vikiuzwa Sh 146,000, nafuu yake ni Sh 20,000. Hakikisha tu kwamba tofauti ya bei kati ya vifurushi viwili, ambayo hapa ni Sh 52,000, haizidi bei ya godoro likiuzwa peke yake. Ikizidi, mteja mwerevu atanunua kifurushi kidogo na godoro kando, na kile kikubwa kitabaki kikiwa pambo.

Hatua ya nne: kuandika

Sasa maneno yanaweza kuanza. Mpangilio ninaoufuata ni kuweka namba tatu mwanzoni kabisa, kwa utaratibu ambao mtu angehesabu nao: utalipa kiasi gani ukinunua kimoja kimoja, utalipa kiasi gani kwa kifurushi, tofauti ni ngapi. Bei kubwa ikitangulia, msomaji ana kitu cha kuipima ndogo inapofika. Orodha yenye bei inafuata mara moja ili yeyote anayetilia shaka jumla aone ilikotoka. Baada ya orodha ndipo yanapokuja mambo ya mpaka, usafiri na tarehe.

Neno "thamani" ningelifuta kabisa na kuweka "ukinunua kimoja kimoja dukani kwetu". Ni refu zaidi, lakini linataja tendo ambalo mteja anaweza kulifanya ili kuhakikisha. "Bei ya zamani" nalo halifai hapa, kwa maana linamfanya mtu adhani kifurushi hiki kiliwahi kuuzwa kwa Sh 228,000, jambo ambalo halikutokea. Kuhusu neno "kifurushi" lenyewe, kwa Watanzania wengi linaleta kwanza picha ya dakika na intaneti za simu, hivyo jina liwe na kitu cha kulitambulisha, kama "Kifurushi cha Bweni".

Kwa WhatsApp, ambako maduka mengi hupokea oda, orodha yenye namba hupangika vibaya kwa herufi za kawaida kwa sababu upana wa herufi haulingani. Ukiweka alama ya ` mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni mwa orodha, WhatsApp huonyesha herufi zenye upana mmoja, na namba zinasimama katika safu iliyonyooka. Kila mstari usizidi herufi 28 hivi, vinginevyo kwenye simu ndogo utavunjika na bei itaangukia mstari wa chini. Jina la kitu likiwa refu, lifupishe hapo na ulieleze kwa ukamilifu chini ya orodha. Orodha yetu inakuwa hivi:

```
Godoro 2.5x6 inchi 4  62,000
Kaunta buku dazeni 1  48,000
Tranka la bati        45,000
Shuka jozi 2          24,000
Blanketi              18,000
Chandarua             12,000
Ndoo lita 20           7,000
Vyombo vya kulia       5,000
Kufuli                 4,000
Kandambili             3,000
----------------------------
Kimoja kimoja        228,000
Kifurushi            198,000
Unaokoa               30,000
```

Nimepanga kuanzia kitu cha bei kubwa kwenda kidogo, kwa sababu macho ya msomaji huchoka haraka na vitu vikubwa ndivyo vinavyobeba jumla. Tangazo zima, likiwa na orodha hiyo katikati yake, linasomeka hivi:

> Kifurushi cha Bweni, kidato cha kwanza: vitu 10. Ukinunua kimoja kimoja dukani kwetu utalipa Sh 228,000. Ukichukua kifurushi utalipa Sh 198,000. Unaokoa Sh 30,000.
>
> (Orodha yenye bei)
>
> Kaunta buku ni za kwaya tatu, na bei yake hapo juu ni ya dazeni. Shuka ni za kitanda cha futi mbili na nusu. Ndoo ina mfuniko. Vyombo vya kulia ni sahani, kikombe na kijiko.
>
> Kama vitu ulivyo navyo nyumbani vinazidi Sh 30,000 kwa bei za orodha hii, nunua vinavyokosekana tu. Tutakuuzia kimoja kimoja kwa bei hizo hizo.
>
> Tunakuletea ndani ya mji bila malipo. Mfuko wa kubebea ni nyongeza na haumo kwenye hesabu. Sare na viatu vya shule havimo. Bei hizi ni za kuanzia tarehe 2 hadi 31 Januari.

Sentensi inayotaja visivyokuwemo ni fupi, lakini isiachwe. Mzazi anayeona "kila kitu kimo" na baadaye kukuta sare hazimo, huihesabu gharama ya sare kama nafuu aliyonyang'anywa.

Ukiweka tangazo hilo hilo Instagram, ujue kwamba maelezo marefu ya picha hufichwa baada ya mistari michache hadi msomaji aguse aone yaliyobaki. Kwa hiyo sentensi zile tatu za namba zije mwanzo kabisa, kabla ya salamu na kabla ya jina la duka, na orodha yenye bei iwekwe ndani ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka bila kukuza. Kwenye bango la mlangoni nafasi ni ndogo zaidi: andika namba tatu na maneno "orodha ya bei ipo kaunta", kisha hakikisha kweli ipo.

Hatua ya tano: kulijaribu kabla ya kulitoa

Mpe tangazo mtu ambaye hakushiriki kuliandika, asome kwa nusu dakika, kisha ulichukue na umuulize mambo matatu: ningelipa kiasi gani kimoja kimoja, kifurushi ni kiasi gani, na kwa nani kifurushi hakifai. Akikosea swali la kwanza, mara nyingi sababu ni kwamba jumla ya kimoja kimoja imezikwa katikati ya sentensi. Akikosea la tatu, maelezo ya mpaka yameandikwa kwa mafumbo.

Jaribio la pili ni kali zaidi na hufanyika kaunta. Mtume mtu asiyejulikana na wauzaji aulizie bei ya vitu vitatu au vinne vilivyomo kwenye orodha, bila kutaja kifurushi. Akitajiwa blanketi kwa Sh 16,000 wakati tangazo linasema Sh 18,000, hesabu yako imeshavunjika: jumla inashuka hadi Sh 226,000 na nafuu inakuwa Sh 28,000. Ama muuzaji amepewa bei isiyo sahihi, ama bei imebadilika na tangazo halikufuata. Vyote viwili hutokea sana katikati ya Januari, pale mzigo mpya unapoingia kwa bei nyingine. Dalili yake kwenye simu ni ujumbe wa aina ya "mbona nimeuliza dukani nikaambiwa tofauti?" Ukipata ujumbe huo hata mara moja, usijibu kwa kumtuliza mteja tu, rudi kwenye jedwali, badilisha bei iliyohama, na usambaze tangazo jipya lenye tarehe mpya siku hiyo hiyo.

Kuna upande wa sheria pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei ya bidhaa, na Kenya ina makatazo ya namna hiyo katika Sheria yake ya Ushindani ya mwaka 2010. Bei ya kimoja kimoja ambayo haijawahi kutozwa ni maelezo ya aina hiyo. Ndiyo maana jedwali la hesabu, pamoja na nakala za risiti ulizozitumia kupata bei, huhifadhiwa kwa tarehe, faili moja kwa kila toleo la tangazo. Mteja akirudi mwezi Machi na picha ya tangazo la Januari kwenye simu yake, utalifungua faili la tarehe ile na kumwonyesha kila bei ilikotoka.